Dada yangu, kapu la hisa na miezi 22: kisa cha kununua kidogo kidogo na kurudisha mizani

Julai 2025 nilikuwa kwa dada yangu mtaani Umoja, yeye ni nesi, na kila Januari na Julai tunakaa mezani pale kwake na kufungua ile eksel yake ya akiba. Siku hiyo eksel ilionyesha hisa zimefika asilimia 48 ya pesa yake yote. Mpango ulikuwa 40. Nikamwambia dada, itabidi tuuze kidogo. Akaniangalia kama nimemtukana. "Kwani wewe, kitu kinapanda ndio unauza? Si mwaka jana uliniambia ninunue hizi hizi?"

Na ni kweli nilimwambia. Kuna watu wengi hapa Nairobi wako mahali kama yeye saa hii, wamezoea kuweka kitu kila mwezi, wanajua hiyo ndiyo nidhamu, alafu siku ya kuuza ikifika wanaona ni kama unawavunjia ile tabia nzuri waliyoijenga. Kumbe ni kanuni mbili tofauti kabisa. Moja, kununua kidogo kidogo, inashughulika na pesa inayoingia, ingine, kurudisha mizani, yaani kurudisha kila kapu kwa asilimia ya mpango, inashughulika na pesa ambayo tayari imekaa ndani, na kuna kipindi ya kwanza inaweza kufanya kazi ya ya pili bure, alafu kuna kipindi haiwezi tena. Hapo ndipo dada alikuwa amefika na hakuwa anajua.

Nirudi nyuma. Mpango wake ni rahisi. Anaweka elfu 10 kila mwezi. Asilimia 60 iko kwa kapu la salama, yaani mani maketi, ule mfuko wa riba ambao unatoa pesa ukitaka, na bondi za serikali, na 40 iko kwa kapu la hisa za soko la Nairobi, Safaricom na benki mbili kubwa. Pesa ni ya mtoto wake, aliyekuwa gredi 9 Julai hiyo, ile ya chuo, kwa hivyo ilikuwa na miaka mitatu minne ya kukaa.

Mara ya kwanza nilipoanza kumsaidia ilikuwa Januari 2024, na kitu cha kwanza nilifanya ni kuangalia venye alikuwa amenunua Safaricom. Alikuwa ametenga elfu 36 kila mwaka kwa hiyo kampuni peke yake, elfu 3 kwa mwezi, na kwa sababu wakati huo soko lilikuwa linauza kwa mafungu ya hisa mia mia, elfu 3 haikuwa inatosha fungu moja bei ikiwa 38, basi alikuwa anaziacha mani maketi zikikusanyika alafu ananunua Desemba. Hiyo haina shida, hata ni vizuri, maana madalali wengine wana kiwango cha chini cha komisheni na ukinunua vipande vidogo sana inakula kila kitu.

Shida ilikuwa penye alinunua. Bei ya Safaricom mwisho wa 2021 ilikuwa karibu shilingi 38, ikishuka kutoka karibu 45 ya Agosti mwaka huo. Mwisho wa 2022 ilikuwa karibu 24. Mwisho wa 2023 karibu 14. Dada Desemba 2021 alinunua hisa 1,800, mara mbili ya mpango, kwa sababu wodini kila mtu alikuwa anaongea Safaricom na aliona 38 ni bei rahisi ukilinganisha na 45. Desemba 2022 akanunua 1,500 kama mpango. Desemba 2023, bei ikiwa 14, hakununua hata moja. Aliniambia, "Niliona nitupe pesa kwa shimo?" Namuelewa kabisa, mtu ametazama pesa yake ikipungua miaka miwili mfululizo.

Hesabu yake ikawa hivi: shilingi 104,400 zimenunua hisa 3,300, yaani kila hisa imemgharimu wastani wa 31.60. Sasa fikiria angefuata mpango wake mwenyewe, elfu 36 kila Desemba bila kuangalia bei. Angepata 900, alafu 1,500, alafu 2,500. Jumla hisa 4,900 kwa shilingi 105,200, wastani wa 21.50. Pesa ni karibu ile ile na hisa zimezidi kwa 1,600. Hapo sijaweka ada ya broka, lakini haibadilishi picha.

Hiyo ndiyo siri yote ya kununua kiasi kile kile cha shilingi kila mara, na watu huikosa wakidhani siri ni kuweka tu kila mwezi. Shilingi zikiwa zile zile, bei ikishuka zinabeba hisa nyingi, bei ikipanda zinabeba chache, kwa hivyo wastani wa gharama yako unavutwa chini upande wa bei rahisi. Ukijumlisha bei tatu 38, 24 na 14 na kugawanya kwa tatu unapata 25.30. Mwenye alifuata kanuni yuko 21.50, chini ya hapo. Na hii si bahati, ni hesabu: ukiweka shilingi sawa kila mara, wastani wako hauwezi kuzidi wastani wa kawaida wa zile bei. Kumbe basi una njia ya kujipima bila mtu kukuambia. Chukua tarehe zote ambazo ulikuwa unafaa kununua, andika bei za siku hizo, pata wastani wa kawaida, alafu linganisha na gharama yako halisi kwa hisa. Ukijikuta juu, kama dada na 31.60 yake, hata kama unajiita mtu wa kununua kidogo kidogo ujue haujakuwa ukifanya hivyo, umekuwa ukinunua zaidi siku za furaha na kuruka siku za woga. Nilipomwonyesha hiyo namba alinyamaza kitambo, hakubishana tena.

Lakini niseme pia penye hii kanuni inaishia, maana wengi wanaiuza kama dawa ya kila kitu. Wastani wa 21.50 ulikuwa na maana kwa sababu kampuni iliendelea kufanya biashara, ikaendelea kulipa dividendi ya 1.20 kwa mwaka, na bei ikarudi, katikati ya 2025 ilikuwa karibu 25. Ukifanya hivyo hivyo na kampuni inayokufa, unajaza ndoo iliyotoboka. Waulize waliokuwa wananunua Mumias kila ikishuka, mpaka 2019 ikaingia mikononi mwa mrasimu aliyewekwa na benki iliyokuwa inaidai na hisa zikasimamishwa sokoni. Au Kenya Airways, hisa zake zilisimama kuuzwa Julai 2020 hadi Januari 2025, miaka minne na nusu huwezi kutoa hata senti. Ndio maana nilimwambia dada kapu la hisa lisiwe kampuni moja, na kila kampuni iwe na kikomo chake ndani ya kapu. Kanuni ya kununua bila kuangalia bei inafaa kwa kapu, kwa kampuni moja moja lazima bado uangalie kama biashara iko hai.

Sasa Januari 2024 yenyewe. Tulipojumlisha, kapu la salama lilikuwa na 410,000 na hisa 190,000. Jumla 600,000, hisa ni asilimia 31.7. Tulikuwa tumekubaliana mapema, kabla ya kuangalia namba, kwamba mizani ikiwa kati ya 35 na 45 hatugusi kitu, ikitoka nje tunarudisha. Huo upana wa pointi tano kila upande ni muhimu hapa kwetu kuliko kwa wenzetu kwenye wanauza na kununua karibu bure. Hapa ukijumlisha komisheni ya broka na tozo za soko unakatwa karibu asilimia 2 ukinunua na karibu 2 tena ukiuza. Ukirudisha mizani kila mwezi kwa sababu imesogea pointi moja, anayetajirika ni broka.

Basi tulikuwa nje, na hisa zilikuwa zimepungukiwa na elfu 50 kufika 240,000. Na wacha nikumbushe ilikuwaje Januari hiyo, dola ilikuwa inacheza karibu shilingi 160, soko lilikuwa limekufa, na watu wote walikuwa wanaongea bondi. Februari ikaja ile ya miundombinu ya miaka 8 na nusu, riba asilimia 18.46, haina kodi. Dada alitaka kuhamisha kila kitu huko, hadi hisa zenyewe.

Tulifanya mambo mawili na ningependa msomaji aone tofauti yake. Kununua ile bondi na pesa ya kapu la salama ni sawa kabisa, ni kubadilisha chombo ndani ya kapu lile lile, hakuvunji mpango. Alitoa 200,000 mani maketi akaomba bondi kupitia DhowCSD, ile apu ya Benki Kuu, kwa simu yake. Lakini kuuza hisa kwa bei ya 14 ili kuongeza bondi, hiyo ingekuwa kutupa mpango siku ambayo unahitajika zaidi. Badala yake tukatoa elfu 50 mani maketi kuingia hisa.

Hapo likatokea swali la kawaida, hizo elfu 50 ziingie siku moja ama zigawanywe miezi mitano? Watu wa Vanguard, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, walipima hili 2012 kwa masoko ya Marekani, Uingereza na Australia wakapata kuingiza yote mara moja kulishinda kugawanya kwa mwaka mzima karibu mara mbili kati ya tatu, kwa sababu rahisi tu kwamba masoko hayo hupanda mara nyingi kuliko kushuka, na pesa inayongoja nje inakosa. Kwa hivyo kugawanya pesa ambayo tayari unayo mkononi si njia ya kupata faida zaidi, ni bima ya roho. Elfu 10 ya mshahara ni kitu kingine, hiyo hauna chaguo, inakuja mwezi kwa mwezi na unaiweka ikija. Dada alisema akiweka zote leo na kesho zishuke hatalala, tukakata mara mbili, nusu Februari na nusu Machi, tukaandika tarehe kabisa kwa karatasi. Kungoja hakukumuumiza sana, mani maketi ilikuwa inalipa vizuri kipindi hicho, hata baada ya ile kodi ya asilimia 15 kwa riba.

Njia ingine ingekuwa kutohamisha kitu, na badala yake ile elfu 10 ya kila mwezi yote iende hisa mpaka mizani irudi. Nilipiga hesabu: bei zikikaa pale pale, miezi 8 na kidogo. Hiyo inavumilika. Kapu likiwa dogo, pesa mpya inaweza kurudisha mizani yenyewe, hauuzi kitu, hulipi ada ya kuuza. Kwa mtu anayeanza hiyo ndiyo njia ya kwanza kufikiria.

Turudi sasa Julai 2025, mezani Umoja. Hisa zilikuwa 520,000, salama 560,000, jumla 1,080,000. Hisa zilikuwa zimepanda kwelikweli, Safaricom kutoka 14 hadi karibu 25 na benki nazo zimeamka, huku Benki Kuu ikiwa imeshusha riba yake kutoka 13 hadi 9.75 kwa hivyo mani maketi imepoa. Asilimia 48.1. Dada akasema vile yeye mwenyewe alikuwa amejifunza kwangu, "Si tufanye kama ile ingine, elfu 10 zote ziende salama mpaka irudi, hatuuzi." Wazo zuri. Nikamwekea hii kwa eksel, B2 ikiwa ni hisa na B4 ni jumla:

```
=(B2/0.4-B4)/10000
```

Ikatoa 22. Miezi 22, karibu miaka miwili, na hiyo ni kama bei hazipandi tena. Akauliza mbona mara ya kwanza ilikuwa 8. Sababu kubwa ni kwamba elfu 10 ni ile ile lakini kapu limekaribia kuwa mara mbili. Elfu 10 ndani ya laki sita ni kitu, ndani ya milioni na zaidi ni tone, soko likisogea wiki moja linakufuta. Na kuna la pili: hisa zikiwa chache, kila elfu 10 unayoweka inaingia upande ule unaopungua moja kwa moja, lakini hisa zikizidi, haupunguzi hisa zenyewe, unakuza tu kapu la salama lizifuate, na hiyo ni polepole zaidi. Miezi 22 kutoka hapo mtoto amebakisha mwaka mmoja na nusu hivi amalize sekondari.

Nikamwonyesha kitu kimoja tu cha hatari, sikutaka kumtisha. Hisa zikianguka asilimia 40, na Safaricom imeshaanguka zaidi ya hapo mbele ya macho yake, akiwa na 520,000 anapoteza 208,000. Akiwa na 432,000 ambayo ndiyo asilimia 40 ya mpango, anapoteza karibu 173,000. Tofauti ni elfu 35, na ni yeye alisema zamani, kabla bei hazijapanda, kwamba asilimia 40 ndiyo anaweza kubeba. Kurudisha mizani hakumwambii kwamba bei itashuka, mimi pia sijui. Kunamrudisha kwa hatari aliyoichagua akiwa ametulia.

Tuliuza kidogo tu. Tungeuza elfu 88 yote kurudi 40 kamili, ingekuwa karibu 1,760 ya ada. Tukauza elfu 50 badala yake, ada karibu elfu moja, na tukapunguza zaidi ile hisa ya benki iliyokuwa imekua kuliko zingine ndani ya kapu. Kwa faida ya kuuza hisa za soko la Nairobi mtu binafsi hatozwi kodi ya faida ya mtaji, kwa hivyo hapo hakuna kilichomkatiza. Pesa ikafika siku tatu za kazi baada ya kuuza ikaenda mani maketi. Hisa zikabaki 470,000, asilimia 43.5, ndani ya mipaka. Kilichobaki tukaachia pesa mpya: miezi sita elfu 10 zote ziende salama, na riba ya bondi ya nusu mwaka, 18,460, ibaki huko huko. Bei zikikaa sawa, Januari anakuwa karibu 40.6. Hivyo mauzo yanafanya sehemu nzito na pesa mpya inamalizia kazi bila ada ya kuuza.

Kuna kosa moja ambalo lingetuuma na lilitukosa kidogo tu. Ile bondi ya 200,000 ni ya miaka mingi. Fikiria hisa zingeanguka badala ya kupanda na tuhitaji kutoa laki moja na nusu kununua hisa, na salama yote iko ndani ya bondi. Ungelazimika kuiuza kwa soko la pili, yaani kwa mwekezaji mwingine, kwa bei ya siku hiyo, na riba zikiwa zimepanda bei ya bondi inakuwa imeshuka, alafu mnunuzi wa kiasi kidogo hapatikani haraka. Mwenye anafunga salama yake yote kwa bondi ndefu anakuwa na mizani kwa karatasi lakini hana mkono wa kuisogeza. Kwa dada tulisema mani maketi isishuke chini ya robo ya jumla, na mpaka sasa iko juu ya hapo.

Jambo lingine lilibadilika Agosti 2025, soko liliondoa lile sharti la hisa mia, sasa unaweza kununua hata moja. Dada alitaka ile miezi sita ikiisha aanze kununua hisa kila wiki. Nilimwambia anunue kila robo mwaka, zikusanyike mani maketi kwanza, maana ukinunua kila wiki badala ya kila robo mwaka wastani wa bei haubadiliki sana, na kile kiwango cha chini cha ada ya broka wake hakijaondoka.

Baada ya kuuza, bei zikaendelea kupanda. Septemba akanipigia simu usiku akitoka shifti, sauti imechoka, akasema zile tuliuza zingekuwa na faida gani saa hii. Nilimwambia ukweli, ndio, kwa zile elfu 50 umekosa. Alafu nikamuuliza zile 470 zilizobaki zimefanya nini. Nikasikia akifungua apu. "Zimepanda pia," akasema. Tukaongea kuhusu mtoto kidogo, kuhusu shule ya sekondari ya juu anayoingia Januari, na kabla hajakata akaniuliza tarehe ya kukaa mezani ni lini tena ili aombe ofu.